Dogo Kakosea Hesabu, Jasho Linanitoka Mimi

Jamani, mimi sikuomba cheo. Mashahidi ninao, kuanzia hapa Baruti mpaka Kimara Mwisho. Nilikuwa zangu nimekaa kwenye kona yangu ofisini, feni haifiki, napiga kazi, natoka saa kumi na moja, naganda kwenye foleni ya Ubungo, nafika nyumbani watoto wamelala. Maisha yanaenda. Bosi kaniita, kaniambia kuanzia leo wewe ndo msimamizi wa dogo. Nikasubiri amalizie sentensi. Akanyamaza. Nikauliza kiustaarabu, mzee, kuna barua? Akasema barua ya nini, kwani sisi si familia? Basi nikatoka mle ndani na cheo changu mkononi kama mtu aliyeambiwa mshikie mtoto dakika moja, na mama mtu kapanda daladala.

Dogo mwenyewe hana shida. Katoka chuo juzi, ana adabu, ananiita mzee. Mimi nina miaka arobaini na mbili. Mara ya kwanza nikadhani anamsalimia mtu nyuma yangu.

Sisi tunauza vifaa vya ujenzi, mabati, saruji, nondo, rangi. Dogo ndo anakusanya mauzo ya mwezi kwenye Excel. Kaleta ripoti ya Juni. Bosi kaipitia, kakuna kichwa, kanitupia mimi. "Ripoti ya kijana ina matatizo. Mwandikie imeili. Mwambie ukweli, lakini usimvunje moyo. Na iwe imeili, nataka kumbukumbu zibaki." Haya. Sasa mimi kwenye Excel najua vitu viwili, kujumlisha na kupaka rangi. Nikaifungua ile ripoti nikaona imependeza, ina mistari, ina vichwa vya habari vya pinki. Tatizo nililoliona ni hilo pinki tu.

Ikabidi niende kwa dada wa uhasibu, kwa kunyenyekea, na soda. Akaangalia nusu dakika. Akaniuliza, "Kaka, bei zetu si tayari zina VAT ndani?" Nikaitikia kwa sauti ya mtu anayejua. Akasema sasa ona, kijana kachukua jumla ya mauzo, 23,600,000, kaizidisha kwa 18%, kapata VAT 4,248,000. Nikasema si sawa? VAT ya bara si 18%? Akanitazama ile tazama ya kuhesabu hasara.

Akanieleza kama anavyomweleza mtoto wake. Kitu cha shilingi 100 ukikiongezea VAT kinakuwa 118. Ile 18 iliyoongezeka ni sehemu ya 118. Ukiwa na 118 mkononi ukaipiga kwa 18% unapata 21 na ushee, na hakuna aliyeongeza 21. Kwa hiyo jumla yenye VAT ndani unaizidisha kwa 18, unaigawa kwa 118. Kwenye 23,600,000 inatoka 3,600,000. Dogo kapitiliza kwa 648,000. Na hiyo ripoti ndo inayotumika kuandaa ritani ya TRA, inayotakiwa iwe imefika tarehe 20 ya mwezi unaofuata. Maana yake tungetangaza kodi ya hela ambayo hatukuikusanya. Nikarudi kwenye kona yangu kichwa kinawaka. Laki sita na arobaini na nane. Hiyo hela ingekuwa ya nyongeza yangu ya mshahara nisingekuwa nalalamika hapa.

Sasa kumwandikia mtu. Hapo ndo nikagundua kwamba tangu nizaliwe hakuna aliyewahi kunikosoa nikaelewa. Shule ya msingi mpaka sekondari, kila ripoti ya muhula imeandikwa Ongeza bidii. Baba anaishika, anauliza bidii ya wapi? Sijui. Mwalimu naye hakuandika. Basi nachapwa kwa jumla, masomo yote. Nikaingia kazini, ofisi ya kwanza nilikuwa napeleka jalada kwa mkubwa, linarudi limeandikwa Tujadili. Naenda kujadili, hayupo. Bosi wa sasa kahamia kwenye imeili, na imeili zake ukizifungua unakuta alama moja tu ya kuuliza. "?" Nimewahi kukaa na alama hiyo tangu Ijumaa jioni mpaka Jumatatu asubuhi, sili vizuri, mke ananiuliza una mwanamke? Kumbe bosi alikuwa anauliza risiti ya mafuta iko wapi.

Jioni nikapita kwa baba mdogo, Temboni. Yeye alikuwa mtumishi wa serikali, kastaafu, sasa hivi kazi yake ni kuku na kunirekebisha. Nikamweleza. Akacheka mpaka akavua miwani. Akasema wewe unalalamikia alama ya kuuliza? Enzi zao kulikuwa na taarifa ya siri. Mkubwa wako anakujaza kwenye fomu, mvivu, mwelevu, anafaa, hafai, inaenda zake juu, wewe huioni. Unaweza kukaa miaka hupandi daraja, hujui umeandikwa nini. Mpaka mwaka 2004 serikali ilipoleta Mfumo wa Wazi wa Mapitio na Tathmini ya Utendaji Kazi, wenyewe wakaufupisha MWAMTUKA, wengine wakaujua zaidi kwa jina la OPRAS. Hapo ndo mtumishi akaanza kukaa meza moja na msimamizi wake. Mnakubaliana malengo mwanzoni, mnayapitia katikati ya mwaka, mwisho wewe unajipa alama, yeye anakupa yake, halafu mnatafuta ya kukubaliana. Siku hizi wamehamia kwenye PEPMIS, mambo ya kompyuta.

"Mara ya kwanza naambiwa usoni kwamba barua zangu ni ndefu," baba mdogo akasema, "nilikuwa nimebakiza miaka michache nistaafu. Nikamuuliza bosi, kwa nini hukuniambia mapema? Akasema alidhani naelewa."

Nikamuuliza sasa huyu dogo nimwandikie kila kitu? Maana anachelewa pia, na kuna siku alisinzia kwenye kikao. Baba mdogo akakataa. Akasema kosa la kazi liandike, kwa sababu hesabu inahitaji kuonekana, atairudia kuisoma huku anarekebisha. Mambo ya kuchelewa na kusinzia mwite mkae, huenda kijana anauguza mtu, huenda analala kwa watu. Ukimwandikia hilo akalisoma peke yake, sauti yako haisikii, anakupa sauti ya mtu aliyewahi kumtukana. Na lile kosa ambalo umeshamwandikia mara mbili halijabadilika, la tatu usiandike tena, kaa naye mlifanye pamoja kwenye kompyuta. Kisha akaniuliza mbona sijaleta mkate. Sikuwa na jibu.

Nikarudi nyumbani. Umeme hakuna. Nikawasha laptopu yenye chaji ya mashaka, nikaandika. Nikaweka kila nilichojifunza kwenye utumishi wangu. Juu kabisa, Yah: MAPUNGUFU KATIKA RIPOTI YAKO YA MAUZO. Chini yake, Tafadhali rejea kichwa cha habari hapo juu. Imebainika kuwa ripoti yako ina makosa mengi ya kihesabu yanayoweza kuisababishia kampuni hasara. Unatakiwa kuwa makini. Nikaweka nakala kwa bosi, kwa dada wa uhasibu, na kwa mtu wa stoo, sijui kwa nini, jina lake lilijitokeza.

Nikampa mama watoto asome. Yeye ni mwalimu wa shule ya msingi, mambo ya kalamu nyekundu ni yake. Akasoma na tochi ya simu. Akauliza, "Huyu mtoto kaiba?"

Nikasema hapana, kakosea VAT.

"Mbona umemwandikia barua ya kujieleza? Ukimwambia makosa mengi, ni mangapi? Yako wapi? Kuwa makini ndo afanye nini, akodoe macho? Na huyu wa stoo anahusika vipi na aibu ya mtoto wa watu?"

Nikajitetea kwamba hata wao walimu wanaandika Ongeza bidii. Nilidhani nimempata. Akasema, "Tunaandika hivyo tukiwa na madaftari mengi na tumechoka. Nikitaka mtoto ajue, nazungushia pale alipokosea, naandika pembeni alitakiwa kubeba moja. Kesho yake anabeba."

Nikafuta. Nikaenda upande wa pili. Safari hii nikamwagia dogo asali. Ripoti yako ni nzuri sana, una kipaji, kampuni inajivunia wewe, kuna kajambo kadogo tu ka VAT tutakaangalia siku moja, endelea hivyo hivyo, Mungu akutangulie. Mama watoto akasoma. Akaguna. "Mimi ningekuwa yeye ningeomba nyongeza ya mshahara kesho asubuhi." Na kweli, dogo angesoma ile asali yote, VAT ingepita pembeni, Julai angezidisha kwa 18% tena, moyo mweupe.

Hapo chaji ikaisha. Asubuhi nikaenda kwa Mangi kununua vocha na kuchajisha, nikakuta wazee wa kahawa wameshaamka, na mke wangu keshapita kwa Mangi kununua maziwa keshasimulia yote. Mangi ananiuliza, "Umeshamwandikia yule mtoto?" Mtu ananiuzia sukari ya kupima, anasimamia na mambo ya ofisini kwangu. Lakini ndo yeye aliyenipa kitu cha maana, maana kijana wake wa dukani alikuwa pale. Akasema mimi huyu nikimwambia hongera, namwambia hongera ya nini. Jana kapanga unga wa zamani mbele, mpya nyuma, nikamwambia umepanga vizuri, wa zamani utauzika kwanza. Leo kapanga hivyo hivyo bila kuambiwa. Nikimwambia tu uko vizuri, hajui ni kwa sababu ya unga au kwa sababu alikuja kachana nywele.

Nikakaa pale pale kwenye benchi la Mangi, watu wananichungulia begani, nikaandika ya tatu. Mama watoto alikuwa ameshaniamuru mambo mawili makuu nisiyazidishe, na la pinki nisiliguse, umetumwa ukosoe hesabu au mapambo? Hii hapa ndo ilivyotoka, mtu wa stoo hayumo:

*Kichwa: Ripoti ya mauzo ya Juni, sehemu mbili za kurekebisha*

*Habari za asubuhi mdogo wangu, pole na majukumu.*

*Nimeipitia ripoti ya Juni. Ulivyotenganisha mauzo ya taslimu na ya mkopo, na kuweka tarehe ya kulipa mbele ya kila mdaiwa, imetusaidia. Mhasibu amejua nani apigiwe simu bila kufungua leja. Julai iweke hivyo hivyo.*

*Kuna sehemu mbili za kurekebisha kabla haijaenda kwenye ritani.*

*Ya kwanza ni VAT, seli E49. Bei zetu tayari zina VAT ndani. Umezidisha jumla ya 23,600,000 kwa 18% ikaja 4,248,000. VAT iliyomo ndani yake ni 3,600,000. Imezidi kwa 648,000. Badilisha fomula iwe hivi:*

```
=E48*18/118
```

*Namna ya kujipima: toa VAT kwenye jumla, inabaki 20,000,000. Izidishe hiyo kwa 18%. Ikirudi 3,600,000 uko sawa.*

*Ya pili ni tarehe, safu A, mstari wa 12 hadi 19. Zimeandikwa mwezi kwanza, kwa hiyo mauzo ya 3 Juni yanasomeka 6 Machi. Zimetoka hivyo kwa wauzaji, au kuna kitu sijakiona? Nijibu hilo kabla hujazigusa.*

*Naomba iliyorekebishwa Jumatano saa sita mchana, mhasibu apate nafasi kabla ya tarehe 20. Ukikwama, niko mezani kwangu mpaka saa kumi.*

Nikaisoma kwa sauti, kwa sababu mama watoto alisema ukiisoma kwa sauti utasikia kama unafoka. Wazee wa kahawa wakasikiliza kimya. Mmoja akauliza VAT ndo nini. Mwingine akasema hapo kwenye 648,000 amesikia uchungu. Nikajua imekaa. Kama mzee wa kahawa hajui Excel na bado ameona kosa liko wapi na linauma kiasi gani, dogo mwenye digrii atashindwaje?

Muda wa kutuma nao ukawa kesi. Nilitaka niitume usiku, niitue moyoni nilale. Mke akanikumbusha wikiendi yangu na ile alama ya kuuliza. Kwa hiyo ikaondoka Jumatatu saa tatu asubuhi, wote wawili tuko ofisini, akitaka kuuliza anainuka tu. Ikaenda kwake peke yake. Bosi alitaka kumbukumbu, kumbukumbu ipo kwenye kisanduku changu cha zilizotumwa, akiitaka nitamfungulia.

Dakika kumi nzima nikawa nachungulia juu ya skrini kama mwizi. Dogo kafungua. Kasoma. Uso haujabadilika. Kachukua kalkuleta, kapiga 20,000,000 mara 18%, katikisa kichwa, kacheka kidogo peke yake. Kisha jibu likaja. Aliandika asante mzee, hiyo ya kujipima nimeielewa, nitaiweka kama mstari wa kudumu chini ya VAT iwe inajiangalia yenyewe. Halafu akaeleza tarehe. Zile nane zote zilitoka kwa muuzaji mmoja mwenye simu mpya, simu imewekwa mtindo wa Kimarekani, inatanguliza mwezi. Yeye dogo aliziona, hakujua kama anaruhusiwa kugusa kumbukumbu za muuzaji, akaziacha.

Umeona hapo? Ningeandika umekosea tarehe, ningekuwa nimemgombeza mtoto kwa kosa la simu ya mtu mwingine, na yeye kwa adabu yake angesema samahani, angezibadilisha kwa mkono, na Julai simu ile ile ingeleta Machi nyingine. Lile swali moja ndo likampa nafasi ya kusema. Sasa muuzaji karekebishiwa simu, na wala hakuna aliyelia. Swali lenyewe, niseme ukweli, niliweka kwa sababu mimi sikuwa na uhakika tarehe zinakaaje kwenye Excel.

Jumatano saa tano na nusu ripoti ikarudi. VAT 3,600,000, chini yake mstari mpya wa kujipima, ukiwa sawa unaonyesha sifuri. Vichwa vya habari bado pinki. Dada wa uhasibu akaichukua, hakusema kitu, na huyo asiposema kitu ndo amefurahi.

Bosi akaandika imeili kwa ofisi nzima, Reply All, akimpongeza dogo kwa ubunifu wa mstari wa kujipima. Jina langu halimo. Mtu wa stoo akajibu kwa kumpongeza dogo. Watu wakapiga makofi mezani. Dogo kaja pale kwenye kona yangu isiyofika feni, kainama, kaniambia kwa sauti ya chini, mzee, ukipata nafasi nikufundishe na wewe Excel kidogo? Nikasema nitaangalia ratiba. Tunaanza Ijumaa.

Na bosi kaniita tena. Nikavaa koti, nikajua sasa nyongeza imeiva. Kaniambia naona unawaweza hawa vijana, kuna wengine wawili wanaanza mwezi ujao, wote ripoti zao zipitie kwako. Nikauliza habari ya barua. Akasema sisi ni familia.

Kwa hiyo msomaji wangu, ukisikia mahali wanatafuta mtu wa kuandika imeili za kukosoa kwa malipo, taslimu au mkopo, VAT ikiwemo ndani, niko hapa Kimara Baruti. Usipige, simu haina chaji. Uliza kwa Mangi, mambo yangu yote anayajua.